Bei safi, bei chafu: riba ya bondi ni ya nani?

*Msomaji wa Kitale anataka kununua bondi ya serikali mkononi mwa mfanyabiashara wa Bungoma. Wamekubaliana bei, lakini dalali ameleta hesabu iliyozidi. Wote wawili wametuandikia, na mtaalamu wetu wa soko la bondi anawajibu.*

Tulikubaliana shilingi 120 kwa kila 100. Bondi ni ya 500,000, kwa hiyo nilitarajia kulipa 600,000. Mbona dalali anadai 615,214.86? (Kitale)

Hujaibiwa, mzee. Hiyo 120 ni bei safi, yaani bei ya bondi peke yake. Zile 15,214.86 ni riba ambayo imeshalimbikika lakini siku yake ya kulipwa haijafika. Ukizijumlisha unapata bei chafu, na hiyo ndiyo pesa inayotoka kwenye akaunti yako. Madalali hupatana kwa bei safi kwa sababu bei chafu hupanda kila siku hata kama soko limelala.

Hiyo 15,214.86 imetoka wapi?

Bondi yenu ni IFB1/2024/8.5, ile ya miundombinu iliyotolewa Februari 2024 kwa riba ya asilimia 18.4607 kwa mwaka. Hapa Kenya riba ya bondi hulipwa kila baada ya siku 182, na mwaka wa bondi unahesabiwa kuwa siku 364. Malipo ya kila awamu kwa 500,000 basi ni 46,151.75. Gawanya kwa 182, utaona kila siku inazaa shilingi 253.58 hivi.

Riba ya mwisho ililipwa tarehe 18 Agosti 2025, na makabidhiano yenu ni tarehe 17 Oktoba. Hapo katikati kuna siku 60. Zidisha, utafikia ile ile ya dalali.

Watu wengi hukosea mahali pawili. Wengine hutumia siku 365, wakapata 15,173.18 na kuanza kugombana kwa shilingi arobaini na kitu. Wengine huhesabu hadi siku waliyopatana bei. Siku zinahesabiwa hadi siku ya makabidhiano, pesa na bondi zinapobadilishana mikono.

Mimi ndiye muuzaji. Kwa nini nisisubiri Benki Kuu inilipe siku zangu 60? (Bungoma)

Kwa sababu Benki Kuu haitakukumbuka, mama. Tarehe 16 Februari 2026 itamlipa riba yote 46,151.75 yule atakayekuwa kwenye rejista, bila kuuliza alinunua lini. Ni kama kuuza nyumba za kupangisha pale Kanduyi katikati ya mwezi: wapangaji watamlipa mwenye nyumba mpya kodi ya mwezi mzima, kwa hiyo wewe chukua sehemu yako mapema. Mnunuzi akipokea hizo 46,151.75, atakuwa amerudishiwa alichokutangulizia, na 30,936.89 zinazobaki ni riba ya siku zake 122.

Wala usikubali akutumie hiyo riba kando kwa simu. Inakuja pamoja na bei, kwa malipo yaleyale yanayopitia kwa dalali au benki, na bondi huhama kwenye mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu. Ukitoa bondi kwa bei safi na kungojea ahadi, siku hizo 60 umezigawa bure.

Je, kodi?

Riba ya bondi hii ya miundombinu haikatwi kodi, na ndiyo maana hesabu yenu ni nyepesi. Kwa bondi za kawaida kodi ya zuio ni asilimia 10 zikiwa za miaka 10 au zaidi, na asilimia 15 zikiwa za muda mfupi zaidi. Hukatwa siku ya malipo, kwa aliyepo. Kama mnunuzi alimlipa muuzaji riba kamili, kisha akakatwa kodi ya awamu nzima, amebeba pia kodi ya siku ambazo bondi haikuwa yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kubishania bei. Mwulize dalali waziwazi kama hesabu yake imezingatia kodi, na kama sivyo, shusha bei unayotoa.

Nitajuaje bei niliyotajiwa ni safi au chafu? (Kitale)

Uliza riba iliyolimbikika ni kiasi gani kwa kila 100. Kwenu ni 3.04. Ukiambiwa 120 na hesabu ya mwisho ikawa 123.04, ulitajiwa bei safi. Ukiambiwa 123.04 halafu riba ikaongezwa tena juu yake, umelipishwa mara mbili; katika 500,000 hiyo ni zaidi ya shilingi elfu 15.

Na usishtuke ikifika Februari 16. Siku hiyo bei chafu itashuka kwa shilingi 9.23 kwa kila 100, kwa sababu riba imeshaingia kwenye akaunti yako. Bei safi haiguswi na malipo hayo.

Kabla ya kutoa idhini ya ununuzi, dai karatasi yenye mistari mitatu: bei safi, idadi ya siku na riba yake, kisha jumla. Dalali asiyeweza kuitoa, tafuta mwingine.