Hedifoni haiwaki, muuzaji anasema "chaji kwanza"

*Niliagiza hedifoni isiyo na waya kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam, nikalipa Sh 65,000. Imenifikia kwa basi, boksi halina hata mkwaruzo, lakini haiwaki. Nilimwandikia kuwa ameniuzia kimeo, anirudishie hela yangu. Akajibu, "Chaji kwanza dada." Nimechaji usiku kucha kwa chaja ya simu yangu mpya, wapi! Nikimwambia hajibu. Nifanyeje?*
*Msomaji, Morogoro*

Pole dada yangu. Hasira yako ina haki, lakini ujumbe wako haukumpa muuzaji kitu cha kushika. Wateja wengi wanaolalamika kwamba kifaa hakiwaki huwa hawajakichaji vizuri, naye anawajibu wote kwa sentensi ile ile. Ukitaka akujibu wewe, mtangulie: fanya mwenyewe yale ambayo angekuagiza, halafu mwambie umeona nini.

Kabla ya yote, nina shaka na hiyo chaja mpya. Chaja nyingi za siku hizi zina tundu dogo la Taipu C, na kebo yake ina ncha za namna hiyo pande zote mbili. Chaja ya aina hiyo haitoi umeme mpaka ihisi kizuizi kidogo kilichomo ndani ya kifaa, na watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu mara nyingi hukiacha ili kubana gharama. Matokeo yake hedifoni nzima kabisa inaonekana maiti. Tafuta kichwa cha chaja cha zamani, chenye tundu pana la mstatili, na kebo inayotoka tundu hilo kwenda Taipu C. Hapo umeme hutoka bila kuulizwa. Kwanza chajia simu kwa kebo hiyo ili uwe na hakika kuwa ni nzima, kisha ihamishie kwenye hedifoni. Usikate tamaa dakika za mwanzo: betri iliyokaa stoo miezi mingi hushuka mno, hivyo huanza kupokea chaji kidogo kidogo, na taa inaweza kuchelewa. Ipe saa mbili au tatu.

Ikiwaka, shauri limekwisha, na muuzaji anastahili ujumbe mfupi wa kistaarabu.

Isipowaka, bana kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 hivi, ikiwa kwenye chaji na ikiwa imechomolewa. Kisha, kama ina tundu la waya wa sauti, ichomeke kwenye redio au kompyuta. Ikiimba, ujue spika ni nzima na tatizo liko kwingine, pengine kwenye betri, kitufe au umeme wake. Ikinyamaza usihitimishe lolote, kwa sababu baadhi ya hedifoni hazifanyi kazi hata kwa waya zikiwa hazina chaji. Rekodi yote kwa video moja isiyokatwa, namba iliyoandikwa kwenye boksi ikionekana.

Ndipo uandike, ukibadilisha pale ambapo kwako mambo yalikuwa tofauti:

"Habari za kazi kaka. Mimi ni mteja wa hedifoni nyeusi niliyoilipia Sh 65,000 Jumatatu. Picha ya muamala hii hapa. Niliipokea Alhamisi, boksi likiwa salama, lakini haiwaki. Nimeichaji saa 3 kwa chaja ya tundu pana. Kebo hiyo hiyo inachaji simu yangu bila shida. Taa haikuwaka hata mara moja. Nimebana kitufe sekunde 15, kwenye chaji na nje ya chaji: hakuna mwanga wala mlio, na simu haiioni kwenye blutuuthi. Kwa waya inaimba masikio yote mawili. Video nimeiambatisha. Sijaifungua. Naomba unibadilishie au unirudishie hela, na nauli ya kuirudisha Dar iwe juu yako. Naomba jibu kabla ya Jumatano."

Umeona hakuna mahali palipoandikwa "betri imekufa"? Hilo hukulishuhudia, yeye akiipima akakuta betri nzima na kitufe ndicho kibovu, mtabishania betri na kusahau kwamba hedifoni haiwaki. Neno "kimeo" nalo liache, hata kama ni kweli.

Akikwambia uipeleke kwa fundi wa hapo Morogoro, kataa kwa upole. Ikishafunguliwa, atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu. Na usiipakie kwenye basi mpaka awe amekubali kwa maandishi nani analipa nauli na nani anaupokea mzigo Dar. Ukiituma, risiti ya basi ipige picha siku hiyo hiyo umtumie.

Akiendelea kukaa kimya, hatua inayofuata ni kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, na mazungumzo hayo yote pamoja na video ndivyo vitakavyoulizwa kwanza. Usifute hata ule ujumbe wako wa hasira.