Usaili wa kazi ya mbali huanza na saa



Baadhi yetu hapa Musaga tunaomba kazi za kufanyia nyumbani, kama kutafsiri na kuhariri. Usaili wa kazi hizo huanza kabla hujaulizwa swali, pale unapojibu mwaliko. Mwajiri hatakuona ukiingia ofisini, hivyo anakupima kwa unavyoandika.

Tuseme ni tarehe 20 Oktoba 2026. Umeitwa kwenye usaili wa video Jumanne ijayo, tarehe 27, saa 10:00 za Brussels. Siku hiyo unayosoma mwaliko, saa za Brussels na za Bujumbura zinalingana. Lakini Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ambayo ni tarehe 25, na sisi hatubadilishi. Siku ya usaili, 10:00 ya kwao itakuwa 11:00 ya kwetu. Ukikosea hapo utawahi saa nzima. Mwishoni mwa Machi wao husogeza saa mbele, na mwenye kutumia tofauti ya zamani huchelewa saa nzima. Basi hesabu tofauti ya siku ya usaili, kisha ujibu hivi:

"Nimepokea mwaliko. Nitakuwepo Jumanne, 27 Oktoba 2026, 10:00 ya Brussels, yaani 11:00 ya Bujumbura (UTC+2)."

Usiandike "saa tano". Kwetu ni 11:00, lakini mgeni ataelewa 5:00.

Kwenye usaili wenyewe utaulizwa unavyojisimamia. Kusema "mimi ni mchapakazi" hakuthibitishi kitu. Mimi hutaja ratiba: Jumatatu hadi Alhamisi nafanya kazi 14:00 hadi 18:00, na Ijumaa 12:00 hadi 14:00 sipatikani kwa sababu ya swala. Mwenzako akijua mapema saa usizokuwepo, atapanga kazi bila kukusubiri.

Wakiuliza kuhusu umeme kukatika, eleza hatua: kompyuta huwa imechajiwa, simu ina bando, na kazi ya kutumwa 18:00 ikiwa hatarini nitaarifu kabla ya 15:00. Taarifa ya 17:55 haimsaidii mtu, maana muda wa kumpa mwingine kazi umekwisha.

Huenda pia wakakupa jaribio la maandishi: umwachie mwenzako wa Toronto taarifa ya kazi. Majira ya baridi Toronto iko nyuma yetu kwa saa 7. Ukiandika "Ukurasa wa 13 una tatizo, nifanyeje?" kisha ukafunga kompyuta 18:00, jibu utalisoma kesho. Afadhali hivi:

"Nimemaliza kurasa 1 hadi 12. Ukurasa wa 13 una neno lenye maana mbili; nimechagua ya kwanza na kuliwekea alama. Usipokubali, badilisha hapo tu. Naendelea kesho 14:00 ya Bujumbura."

Ujumbe huu unataja kilichokwisha, uamuzi uliochukuliwa na saa ya kurudi. Mwenzako anaweza kuendelea na kazi wewe ukiwa umelala.