Somo: Karatasi za Nanasi Linalovuka Mpaka



Mkulima mmoja wa Geita alipata mnunuzi wa mananasi upande wa Kenya, akamwuliza katibu wake: "Ndugu, nikivuna, nianzie ofisi gani?" Swali lenyewe lina kosa. Karatasi ya kwanza hutafutwa kabla ya kuvuna, tena haitafutwi na yeye.

Mnunuzi ndiye anayeanza. Huomba kwa KEPHIS, mamlaka ya afya ya mimea ya Kenya, kibali cha kuingiza mananasi. Kibali hicho hutaja masharti: wadudu gani wasiwemo, na tamko gani liandikwe. Nakala yake imfikie mkulima mapema, kwani mkaguzi wetu hukagua kwa kuyafuata masharti hayo.

Huku kwetu karatasi ni mbili, nazo huchanganywa sana. Kibali cha kusafirisha nje hutolewa na Wizara ya Kilimo, nacho huruhusu mzigo kutoka nchini. Hakisemi lolote juu ya wadudu. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2020. Hicho ni neno la serikali yetu kwa serikali ya pili kwamba mzigo huu umekaguliwa na umetimiza masharti yao.

Katika nanasi mkaguzi hupekua kitako cha tunda na majani ya kishungi, maana humo hujificha vidungata, wadudu weupe kama waliopakwa unga. Mkulima aweza kuwagundua mwenyewe shambani: sisimizi wakipanda na kushuka kwa wingi katika mche, na atazame chini ya majani. Udongo nao hukataliwa, kwa kuwa hubeba minyoo na magonjwa.

Sasa tuseme makasha 500 yamekaguliwa, na cheti kimeandikwa makasha 500, Ananas comosus, kuingilia Isebania. Njiani dereva akaongeza makasha 60 ya jirani. Pale mpakani hesabu haiafikiani na cheti, na afisa ana haki ya kuuzuia mzigo wote, kwani hajui makasha 60 ni yapi. Nanasi bivu halingoji barua ya pili. Jirani naye angeingizwa katika maombi tangu mwanzo.

Wapo wasemao kwamba mzigo mdogo hauhitaji haya. Wanachanganya na Cheti cha Uasili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zilizoorodheshwa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Vidungata hawaulizi thamani ya mzigo.

Katibu abaki na nakala, na cheti halisi kisafiri na dereva.