Pombe na Ini: Kabla Macho Hayajageuka Manjano

Ini la mtu anayekunywa sana kila siku huanza kujaa mafuta, bila maumivu yoyote. Akiacha pombe katika hatua hii, mafuta hayo kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2 hadi 6.

Chukua mfano wa mwendeshaji bodaboda anayekunywa chang'aa kila jioni kwa miaka mingi. Hana dalili, kwa hivyo haendi kupimwa. Kisha macho yanageuka manjano, homa inampanda, anaumwa chini ya mbavu za kulia na chakula hakipiti. Ni rahisi kudhani ni malaria, kumbe ini limevimba na chembe zake zinakufa. Hali hii ikiwa kali, inaweza kuua katika wiki chache.

Akinusurika na kuacha kabisa, ini hujirekebisha kwa miezi kadhaa. Akirudia, makovu huongezeka, na makovu mengi hayafutiki. Hata hivyo, mwenye makovu akiacha kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko anayeendelea kunywa.

Anayekunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kutetemeka, na hata mitukutiko kama ya kifafa, huweza kuanza ndani ya siku 2. Aanzie kituo cha afya, ambako atapewa dawa na kuangaliwa.