Ibn Khaldun hakuwa mtoto wa Khaldun

Nilipoanza kusoma historia nilidhani baba yake Ibn Khaldun aliitwa Khaldun. Nilikosea. Mwanachuoni huyu ni Abdurrahman bin Muhammad. Khaldun ni babu wa mbali aliyehamia Andalusi. Jina lake hasa lilikuwa Khalid, na watu wa huko walizoea kuongeza "-un".

Hapo ndipo nilipojifunza kutazama mahali neno liliposimama. "Bin" ikiwa kati ya majina mawili, kwa kawaida lifuatalo ni la baba mzazi. Lakini "Ibn" inayoanza na kusimama badala ya jina lenyewe, mara nyingi hutaja babu wa ukoo. Hata "-oglu" ya Kituruki na "-zade" ya Kiajemi humaanisha mwana wa fulani, ila zikishakuwa jina la familia huyo fulani huenda alikufa zamani. Kwa Wahadhrami "Ba-" hufanya kazi hiyo ya ukoo, kama Bawazir na Bafadhil tunaowajua pwani.

Nisba, yenye "-i" mwishoni, nayo ina mtego wake. Ibn Khaldun aliitwa pia al-Hadhrami, ilhali alizaliwa Tunis mwaka 1332, na wazee wake walikuwa wameishi Ishbilia vizazi vingi. Nisba hiyo inataja asili ya ukoo. Kwa hiyo ukikuta nisba kitabuni, usiiandike kuwa mahali pa kuzaliwa mpaka wasifu wenyewe ukuambie.