Tarehe ya Mwisho Inapoangukia Sikukuu: Kuhesabu Muda katika Mikataba ya Ardhi na Maduka

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 haikuwa sikukuu kwenye kalenda yoyote iliyotundikwa ukutani Nyeri, Karatina au Nanyuki. Ilitangazwa wiki hiyohiyo. Mafuriko ya msimu ule yalikuwa yameua watu wengi, na Serikali ikaamua Wakenya wapande miti kwa kuwakumbuka. Benki zikafunga, afisi za ardhi zikafunga, na mahakama pia. Miezi sita kabla yake, Jumatatu ya tarehe 13 Novemba 2023, ilikuwa imetangazwa hivyohivyo, nayo kwa ajili ya kupanda miti. Sheria ya Sikukuu za Umma inampa waziri mamlaka hayo kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, na haimlazimu kumpa mtu mwezi mzima wa kujiandaa.

Kwa mtu ambaye mkataba wake ulimtaka alipe salio la ploti siku hiyo, tangazo hilo lilikuwa na uzito wa pekee.

Barua moja, tarehe nne

Chukua mfano wa mauzo ya ploti pale Ruring'u, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Bei ni shilingi 1,800,000. Mnunuzi ametoa asilimia 10, yaani shilingi 180,000, na salio la shilingi 1,620,000 limechelewa. Wakili wa muuzaji anamwandikia notisi ya kukamilisha: lipa ndani ya siku 21, la sivyo mkataba utavunjwa na malipo ya awali yatapotea. Siku 21 si idadi ya kubahatisha. Ndiyo iliyozoeleka katika mikataba ya ardhi nchini, na imo katika masharti ya uuzaji ya Chama cha Wanasheria wa Kenya. Notisi ya namna hii ikishatolewa ipasavyo, hata kuchelewa kwa siku moja kunaweza kumpa muuzaji haki ya kujitoa.

Barua inatumwa kwa rejista kutoka Posta, Ijumaa tarehe 12 Aprili 2024. Mkataba unasema barua ya rejista itahesabiwa kuwa imepokelewa siku 7 baada ya kutumwa. Mnunuzi hupitia sanduku lake la posta anapopata nafasi, na anaichukua barua tarehe 26 Aprili. Yeye anaanza kuhesabu siku anayoiona: 27 Aprili ni siku ya kwanza, na ya ishirini na moja ni 17 Mei. Anatulia.

Wakili wa muuzaji anahesabu vingine. Siku ya kutuma haihesabiwi, kwa hiyo siku 7 zinaishia 19 Aprili, na hiyo ndiyo siku ya kupokea kwa mujibu wa mkataba, iwe mnunuzi ameifungua barua au bado imo sandukuni. Kuanzia 20 Aprili, siku ya 21 ni 10 Mei. Ni ile Ijumaa ya kupanda miti.

Hapa mkataba wenyewe ndio wa kutazamwa. Ukiwa na kifungu kinachosema kuwa muda unaoishia siku isiyo ya kazi husogea hadi siku ya kazi inayofuata, mnunuzi ana hadi Jumatatu, 13 Mei. Ukiwa umesema siku 21 za kazi, hesabu inaruka Jumamosi na Jumapili zote, Sikukuu ya Wafanyakazi ya 1 Mei na hiyo 10 Mei, na inafika hadi Jumatano, 22 Mei. Na kama hausemi lolote, tarehe inabaki 10 Mei, siku ambayo benki haitumi RTGS. M-Pesa hufanya kazi hata sikukuu, lakini kiwango chake cha siku kilikuwa shilingi 500,000, kwa hiyo salio la zaidi ya milioni moja na nusu lisingepita. Mnunuzi mwangalifu angelipa Alhamisi, 9 Mei, kabla mlango wa benki haujafungwa.

Barua ni ileile na idadi ya siku ni ileile, lakini tarehe ni nne: 10, 13, 17 na 22 Mei. Ile ya 17, ambayo mnunuzi aliiona ndiyo ya haki kabisa, ndiyo pekee isiyotetewa na maneno ya mkataba huu kwa namna yoyote.

Kinga ambayo wengi hudhani wanayo

Mtu akibanwa hivyo husikika akisema, "Lakini sheria inasema sikukuu haihesabiwi." Kuna sheria inayokaribia hapo. Ni Sheria ya Ufafanuzi na Masharti ya Jumla, Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 57. Kinasema siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Kwamba muda ukiishia Jumapili, sikukuu ya umma au siku rasmi isiyo ya kazi, unasogea hadi siku inayofuata isiyo ya mapumziko. Na kwamba muda usiozidi siku 6 unahesabiwa bila kuingiza siku za mapumziko hata kidogo. Katiba ya 2010, Ibara ya 259, ina kanuni zinazofanana na hizo kwa muda unaotajwa ndani ya Katiba.

Tatizo liko katika maneno ya mwanzo ya kifungu hicho. Kinahusu kuhesabu muda kwa madhumuni ya sheria iliyoandikwa. Makubaliano ya watu wawili juu ya ploti hayamo humo. Mkataba ukinyamaza, mnunuzi atalazimika kwenda mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi kumwomba jaji aamue kuwa wahusika walikusudia siku isogee. Anaweza kufaulu. Lakini atakuwa ameingia katika kesi ya gharama kwa sababu ya mstari mmoja ambao ungeandikwa bure siku ya kutia saini.

Katika mauzo ya shamba, saa mbili tofauti hukimbia kwa pamoja. Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe. Miezi hiyo imewekwa na sheria, kwa hiyo ikiishia Jumapili, kifungu cha 57 kinampa mwombaji Jumatatu. Siku 90 za kulipa salio la shamba hilohilo zimewekwa na wahusika, na hazina kinga hiyo mpaka waiandike. Wauzaji na wanunuzi wengi huchanganya saa hizi mbili, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa zote zimo katika faili moja la wakili mmoja.

Kinga nyingine inayodhaniwa ni ya Desemba. Kanuni za Mashauri ya Madai, Agizo la 50, zinaondoa katika hesabu siku za kuanzia 21 Desemba hadi 13 Januari. Hilo linahusu hatua za kesi iliyo mahakamani. Notisi ya kukamilisha iliyopokelewa 15 Desemba inaendelea kuhesabiwa Krismasi na Mwaka Mpya, hata kama wakili amefunga afisi na amekwenda kwao Othaya.

Barua imefika lini?

Sheria haina jibu moja la swali hili. Kwa mikataba, jibu ni lile waliloandika wahusika. Kwa mpangaji wa duka, jibu linatoka katika Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, Sura ya 301, nalo linampendelea mpokeaji kuliko mkataba wa ploti tuliouona. Notisi ya mwenye nyumba ikitumwa kwa rejista, tarehe inayohesabiwa ni ile ya stakabadhi anayotia saini mtu anayeichukua barua Posta. Ikiletwa kwa mkono, inahesabiwa siku hiyohiyo, hata ikipokewa na mfanyakazi wa dukani. Hapo ndipo wenye maduka hupotea: kijana wa kaunta anapokea bahasha, anaiweka chini ya mizani, na muda umeshaanza.

Kutoka siku hiyo, mpangaji ana mwezi 1 wa kujibu kwa maandishi kwamba hakubali, kisha anapaswa kupeleka shauri katika Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku ambayo notisi inaanza kufanya kazi. Siku hiyo haiwezi kuwa chini ya miezi 2 tangu kupokea.

Mwezi huhesabiwa kwa tarehe, si kwa siku 30. Barua iliyochukuliwa tarehe 31 Januari ina mwisho wa kujibu tarehe 28 Februari, au 29 mwaka mrefu. Uingereza walilimaliza jambo hili katika kesi ya Dodds dhidi ya Walker, iliyofika Baraza la Malodi mwaka 1981. Mpangaji wa biashara alipewa notisi tarehe 30 Septemba, akawa na miezi 4 ya kwenda mahakamani. Alikwenda 31 Januari, akiamini mwisho wa mwezi unalingana na mwisho wa mwezi. Muda ulikuwa umekwisha 30 Januari, na alishindwa kwa siku hiyo moja.

Anayetuma naye ana mzigo wake. Katika rufani nambari 148 ya 1995, ijulikanayo kama Nyagilo Ochieng, mkopaji alisema hakupata notisi ya benki kabla ya ardhi yake kuuzwa. Mahakama ya Rufani ilisema ni juu ya benki kuthibitisha kuwa ilituma, jambo ambalo cheti cha Posta kingelionyesha kwa urahisi. Kudai tu kwamba "tulituma" hakutoshi. Mwenye kutuma kwa rejista atunze cheti hicho pamoja na nakala ya barua, na ahakikishe nambari ya sanduku ndiyo iliyoandikwa kwenye mkataba. Sanduku la Karatina likiandikwa msimbo wa Nyeri, 10100 badala ya 10101, upande wa pili una hoja.

Barua pepe imeongeza utata. Inayotumwa Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni imefika Ijumaa au Jumatatu? Mkataba mzuri huweka saa, kwa mfano saa kumi alasiri, na kusema kuwa inayoingia baada ya hapo imepokelewa siku ya kazi inayofuata. Vilevile useme kama Jumamosi ni siku ya kazi. Benki nyingi mjini hufungua Jumamosi asubuhi na afisi ya ardhi haifungui, kwa hiyo kila upande unaweza kuapa kwa dhati kuwa uko sahihi.

Kifungu chenyewe hakizidi mistari michache, na kinaweza kusomeka hivi: "Siku ya kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu ya umma, hata iliyotangazwa ghafla katika Gazeti Rasmi. Siku ya kupokea notisi haihesabiwi. Muda ukiishia siku isiyo ya kazi, utasogea hadi siku ya kazi inayofuata." Anayeuza au kununua ploti amwombe wakili akiingize kabla ya kutia saini. Na notisi ikishafika, pande zote mbili ziandikiane tarehe kamili ya mwisho, kwa siku, mwezi na mwaka, wakati bado upo muda wa kusahihishana.