Uchakavu wa lori la mpunga: hesabu ya vitabuni na hesabu ya kodi

Hapa Kamsamba naandika hesabu za kampuni ndogo inayonunua mpunga kwa wakulima wa bonde la Momba na kuupeleka Tunduma. Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye kampuni kama hiyo ni hili: vitabu vinaonyesha faida fulani, kwa nini kodi inatozwa kwa faida nyingine? Mara nyingi jibu liko kwenye uchakavu wa gari.

Chukua kampuni iliyonunua lori la kubeba tani 5 kwa shilingi milioni 40. Tuseme kila mwaka inabakiwa na faida ya milioni 30 kabla ya kuondoa uchakavu.

Hatua ya kwanza: hesabu ya vitabuni

Kwenye vitabu, wengi wetu tunatumia mafungu sawa. Unakadiria lori litafanya kazi miaka 5, unagawa milioni 40 kwa 5, na kila mwaka unaondoa milioni 8. Faida ya vitabuni inakuwa milioni 22 mwaka hadi mwaka. Njia hii inafaa kwa mwenye mali anayetaka kulinganisha mwaka huu na uliopita, kwa sababu gharama ya lori haibadiliki.

Hatua ya pili: rudisha uchakavu huo, weka wa sheria

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haiangalii makadirio yako. Unapoandaa ritani ya TRA, ile milioni 8 unairudisha kwenye faida, unafika tena milioni 30, kisha unaondoa uchakavu uliopangwa katika Jedwali la Tatu la sheria hiyo. Lori la mzigo chini ya tani 7 liko daraja la kwanza, asilimia 37.5 kwa salio linalopungua. Maana yake, asilimia hiyo haikokotolewi kwenye bei ya kununulia kila mwaka, bali kwenye thamani iliyobaki.

Mwaka wa kwanza unaondoa milioni 15, na salio linabaki milioni 25. Mwaka wa pili unaondoa shilingi 9,375,000, zinabaki 15,625,000. Mwaka wa tatu unaondoa 5,859,375 tu.

Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Mwaka wa kwanza faida inayotozwa ni milioni 15, na kodi yake milioni 4.5. Kama sheria ingefuata mafungu sawa, ungelipa milioni 6.6. Mwaka wa pili unalipa 6,187,500, bado pungufu kidogo. Mwaka wa tatu mambo yanageuka: kodi inafika kama milioni 7.24, ingawa biashara haikuongeza hata gunia moja.

Kwa hiyo ile milioni 2.1 ya mwaka wa kwanza hukusamehewa, imeahirishwa. Gharama yote itakayoondolewa ni ileile milioni 40, ila sehemu kubwa inaondoka mapema na mkia wake unavuka mwaka wa tano. Mimi hushauri fedha hiyo ilipe deni la lori au itengwe, kwa sababu kodi ya mwaka wa tatu na wa nne itaidai.

Mahali pa kuwa makini

Uchakavu wa mwaka huu hauwekwi akiba. Kama faida kabla ya uchakavu ingekuwa milioni 10, bado ungeondoa milioni 15 na kupata hasara ya milioni 5 kwa hesabu ya kodi. Kinachobebwa kwenda mwaka unaofuata ni hasara hiyo.

Lori zito liko daraja la pili, asilimia 25, kwa hiyo angalia uwezo wa mzigo kwenye kadi ya gari. Ghala la biashara linakwenda kwa mafungu sawa, asilimia 5: ghala la milioni 60 linaondoa milioni 3 kila mwaka kwa miaka 20. Bei ya kiwanja usiihesabu, ardhi haichakai.

Mfanyabiashara binafsi mdogo anayelipa kodi kwa kiwango cha mauzo haguswi na haya yote, maana kodi yake haitokani na faida.

Siku ya kuuza lori

Mwanzoni mwa mwaka wa tano salio la kodi ni shilingi 6,103,516. Ukiuza lori mwaka huo kwa milioni 10, na huna mali nyingine katika daraja hilo, unatoa bei ya mauzo kwenye salio. Ziada ya shilingi 3,896,484 inaingia kwenye mapato yanayotozwa kodi. Ukiwa umenunua lori jingine mwaka huohuo, bei yake inaongezwa kwenye salio kwanza, na ziada hiyo inaweza isitokee kabisa. Ndiyo maana mwenye lori anayefikiria kubadilisha gari humwambia mwandika hesabu wake kabla mwaka wa hesabu haujafungwa.